Shajara ya mradi: nyumba ya vyumba viwili, kutoka karatasi ya fundi hadi modeli ya BIM

Ninachofanyia kazi ni ramani ya nyumba iliyochorwa kwa penseli na fundi wa ujenzi, karatasi moja tu. Kuna mstatili, mistari ya kugawa vyumba, alama za milango na madirisha, vipimo vya mita pembeni, na chini maneno machache: "ukuta 0.15, kimo 2.70, mgongo wa tembo digrii 20, paa litokeze 0.60". Natumia FreeCAD 1.0, programu ya kuchora kwa kompyuta, na sehemu yake ya BIM, ambayo hujenga modeli ya jengo kwa kuta, madirisha na paa badala ya mistari mitupu. Programu hiyo ni ya bure, kwa hiyo gharama yote ya mradi huu ni muda, na nitaonyesha wapi muda huo ulipotea. Majina ya amri na sifa nayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini ili anayefuata ayapate kwa urahisi.

8 Machi 2025: Kusoma karatasi kabla ya kuwasha kompyuta

Nyumba ina safu mbili. Mbele kuna sebule na chumba cha kwanza. Nyuma kuna jiko, bafu na chumba cha pili. Kipimo cha nje kimeandikwa 9.00 kwa 7.00. Vipimo vya vyumba vimeandikwa ndani ya kila chumba, na hapo ndipo nilipoanzia, kwa kujumlisha kila safu pamoja na kuta zake ili kuona kama inafika kwenye kipimo cha nje.

Safu ya nyuma: 0.15 + 2.40 + 0.15 + 1.80 + 0.15 + 4.20 + 0.15 = 9.00. Imefunga.

Kina cha nyumba: 0.15 + 3.60 + 0.15 + 2.95 + 0.15 = 7.00. Imefunga pia.

Safu ya mbele: 0.15 + 5.50 + 0.15 + 3.00 + 0.15 = 8.95. Hapa kuna sentimita tano hazijulikani ziko wapi.

Sentimita tano kwenye sebule ya mita tano na nusu mtu anaweza kuzidharau. Ila tazama zinapoangukia. Ukuta unaotenganisha sebule na chumba cha kwanza ndio unaobana mlango wa chumba cha pili. Mlango huo unatoka sebuleni, na sehemu pekee ambako unaweza kukaa ni kati ya uso wa ukuta wa bafu, ulioko mita 4.65 kutoka kona ya kushoto, na uso wa ukuta wa chumba cha kwanza. Sebule ikiwa 5.55, nafasi hiyo ni kutoka 4.65 hadi 5.70, yaani mita 1.05. Sebule ikiwa 5.50, inabaki mita moja kamili. Mlango umeandikwa 0.90. Ukiacha sentimita kumi upande wa bawaba ili mlango ufunguke bila kitasa kugonga ukuta wa bafu, kwa upande wa pili utabaki na sentimita tano katika hali ya kwanza, na katika hali ya pili hutabaki na kitu: fremu itagusana na ukuta wa pembeni.

Nilimpigia aliyechora.

"Fundi, safu ya mbele inapungua sentimita tano. Niziweke sebuleni au chumbani?"

"Ah, pale nilikata tu hesabu, mwanangu. Chumba kiache tatu kamili, sebule ichukue."

Basi sebule ni 5.55. Nikamuuliza na swali la pili ambalo karatasi haikulijibu: ile 0.90 ya mlango ni tundu la ukutani au ni ubao wa mlango? Akasema ni tundu, "fremu inaingia humo humo". Nimeliandika hilo pembeni ya karatasi kwa kalamu nyekundu, kwa sababu programu itaniuliza.

11 Machi 2025: Picha ya karatasi kama msingi wa kufuatisha (haikufaa)

Njia inayoonyeshwa na wengi ni kupiga picha ramani, kuiingiza kwenye programu, kuipa kipimo, kisha kuchora juu yake. FreeCAD inaruhusu hilo: picha inaingia kama ubao uliolala, unabofya `Calibrate`, unagusa ncha mbili za umbali unaoujua, unaandika urefu wake halisi.

Nilitumia ule upande wa mita 9.00. Picha ikakaa sawasawa kwa upande huo. Nilipopima upande wa mita 7.00 juu ya picha hiyo hiyo, ulizidi kwa karibu sentimita ishirini, na ukuta wa nyuma ulikuwa mfupi kuliko wa mbele. Sababu ni kwamba simu haikuwa sambamba kabisa na karatasi. Kilicho karibu na lenzi kinakuwa kikubwa, kilicho mbali kinakuwa kidogo, na kipimo kimoja cha kukuza au kupunguza hakiwezi kunyoosha hilo. Skana bapa ingeondoa tatizo la pembe, lakini bado ingebaki na mkono wa mchoraji. Mistari ya penseli yenyewe ni minene kama sentimita tano ukiikuza hadi ukubwa wa nyumba, na fundi hakuchora kwa rula kila mahali. Namba alizoandika ndizo alizokusudia. Mistari ni ya kuonyesha nini kiko jirani na nini.

Picha nimeiacha kwenye faili, nimeisogeza pembeni ya modeli kama kumbukumbu. Kila kipimo kitaandikwa kwa namba kutoka kibodi. Jioni nzima ilikwenda hapa, na kwa atakayenakili kazi hii, hatua hii airuke.

15 Machi 2025: Kuta za nje na za ndani

Maandalizi hayana hadithi: vipimo kwa milimita, kona ya nje ya mbele kushoto iwe sifuri, na ngazi moja ya jengo (`Level`) yenye kimo sifuri. Nikachora mstatili wa 9000 kwa 7000 kama waya mmoja uliofungwa, nikauchagua, nikabofya amri ya ukuta. `Width` 150, `Height` 2700. Nyumba ikasimama.

Kisha nikaweka kuta za kugawa. Kwa hizi nilichora mistari ya katikati: ukuta mrefu unaogawa mbele na nyuma uko 3825 kutoka mbele, na ule wa sebule na chumba cha kwanza uko 5775 kutoka kushoto. Kwa safu ya nyuma, ukuta wa jiko na bafu uko 2625, na wa bafu na chumba cha pili uko 4575. Kila namba imepatikana kwa kujumlisha vyumba na kuta kutoka kona, kisha kuongeza nusu ya ukuta, yaani 75.

Halafu nikapima vyumba. Bafu: 1800, sawa kabisa. Jiko: 2475. Chumba cha pili: 4275. Chumba cha kwanza: 3075.

Bafu lilikuwa sahihi na ndilo lingeweza kudanganya. Ukilipima hilo peke yake utaridhika, kwa sababu pande zake za kushoto na kulia ni kuta za kugawa. Vyumba vilivyozidi ni vile vinavyogusa ukuta wa nje, na kila kimoja kimezidi milimita 75, nusu ya unene wa ukuta. Hiyo inataja chanzo chenyewe: ukuta wa nje umepanda katikati ya mstari, nusu nje na nusu ndani. Nikapima nje: 9150 kwa 7150.

FreeCAD isipoambiwa vinginevyo huweka sifa ya `Align` kuwa `Center`. Waya wangu ulikuwa uso wa nje wa nyumba, kwa sababu 9.00 ya fundi inapimwa nje kwa nje. Kwa hiyo ukuta unatakiwa uangukie wote upande wa ndani, na `Align` iwe `Left` au `Right`. Ipi kati ya hizo? Inategemea waya ulichorwa ukielekea wapi. Ukichora kwa mwendo wa saa jibu ni moja, ukichora kinyume ni lile lingine. Sikujisumbua kukariri. Nilijaribu moja, nikapima upana wa nje, nikaona 9300, nikageuza nyingine, nikapata 9000.

Kwa kuta za ndani `Center` ni sahihi, maana nimechora mistari ya katikati. Kwa hiyo modeli ina desturi mbili: nje mstari ni uso, ndani mstari ni kiini. Nimeziita kuta kwa majina yanayosema hivyo (`NJE_...` na `NDANI_...`) ili mtu mwingine asije akazisawazisha kwa nia njema.

Onyo moja la ziada kwa wanaopenda kuchora mistari yote kwenye mchoro mmoja wa `Sketch`. Mistari isiyoshikana ndani ya mchoro kila mmoja una mwelekeo wake, kadiri ulivyobofya. Ukiweka `Align` ya `Left` kwa wote, ukuta mmoja utaangukia kulia na jirani yake kushoto, na tofauti ni milimita 150 ambazo kwa macho hazionekani ukiwa umeitazama nyumba nzima.

Baada ya marekebisho: jiko 2400, bafu 1800, chumba cha pili 4200, sebule 5550, chumba cha kwanza 3000. Kina 3600 na 2950.

16 Machi 2025: Milango na madirisha

Madirisha makubwa ni 1500 kwa 1200, kizingiti cha chini kiko 900 kutoka sakafuni. Dirisha la bafu ni 600 kwa 600, na fundi aliandika tu "juu". Nimeliweka 1500 kutoka sakafuni, kwa sababu hapo kichwa chake kinafika 2100 sawa na madirisha mengine na milango, na linta moja inaweza kupita juu ya vyote bila kupanda na kushuka. Nilimtumia ujumbe, akakubali.

Katika BIM dirisha si tundu lililokatwa ukutani kwa mkono. Ni kitu chenye ukuta mwenyeji, na ndicho kinachouambia ukuta ufunguke. Uhusiano huo unakaa kwenye sifa ya `Hosts`. Kina cha tundu kiko kwenye `Hole Depth`, na kikiwa sifuri programu inakikokotoa yenyewe kulingana na ukuta. Iache sifuri.

Suala la leo lilikuwa upana wa mlango. Ukichagua mlango wa kawaida (`Simple door`) na kuandika `Width` 900, hiyo 900 ni ukingo wa nje wa fremu, yaani tundu la ukutani. Fremu ya 50 kila upande inakula 100, na njia ya kupita inabaki 800. Fundi alisema 0.90 ni tundu, kwa hiyo 900 inaingia kama ilivyo. Kama angemaanisha ubao wa mlango, ningeandika 1000, na mlango wa chumba cha pili ungebakiwa na sentimita tano tu za kugawana pande mbili. Ndiyo maana lile swali la simu lilikuwa na thamani.

Mlango huo nimeuweka kutoka 4750 hadi 5650 kwenye ukuta mrefu wa ndani. Kushoto kuna 100 hadi ukuta wa bafu, kulia kuna 50 hadi ukuta wa chumba cha kwanza. Nilipoutazama kwa juu niliona kuwa hizo 50 zitaliwa na plasta pamoja na ubao wa pembeni wa fremu. Inawezekana, lakini hakuna akiba. Hilo halionekani kwenye karatasi hata kidogo, maana pale mlango ni mkato mdogo wa penseli katikati ya nafasi inayoonekana kubwa.

22 Machi 2025: Paa, na kuta zilizolazimika kugawanywa

Paa la FreeCAD linaanzia kwenye waya uliofungwa. Nilichora mstatili wa 9000 kwa 7000 juu ya kuta, kwenye kimo cha 2700, nikautumia kwa amri ya `Roof`. Kilichotokea mara ya kwanza ni paa la ovyo: sehemu inayotokeza ilikuwa imegeukia ndani ya nyumba. Waya ulichorwa kwa mwendo wa saa. Paa linataka kinyume chake. Nikaufuta nikauchora upya, ukakaa.

Ukibofya paa mara mbili unapata jedwali lenye mstari mmoja kwa kila upande wa waya. Kwa mgongo wa tembo wenye vipaa viwili, pande ndefu zinapewa `Angle` 20 na zile fupi 90, kwa sababu upande wa digrii 90 ni wima na hauna kipaa, ni gebo. `Run` ni upana wa kipaa ukipimwa kwa mlalo, kutoka kwenye waya hadi chini ya mgongo. Nyumba ina kina cha 7000, hivyo `Run` ni 3500. Ukiacha namba ndogo iliyomo tangu mwanzo, kipaa kinakatika kabla ya kufika mgongoni na paa linabaki wazi katikati. `Thickness` nimeweka 100, ikiwa ni nafasi ya kenchi na bati kwa pamoja. Haitoshi kwa kuhesabu mbao, ila kwa umbo inatosha.

`Overhang` 600 kwa pande ndefu. Hapa tena karatasi ilihitaji tafsiri: 0.60 inapimwa kwa mlalo au kwa kufuata mteremko wa bati? Programu inapima kwa mlalo. Kwa digrii 20 tofauti ni karibu sentimita nne, na fundi alisema anapima kwa mlalo kutoka ukutani, "kwa kudondosha timazi". Tumekubaliana na programu.

Jambo la kuangalia ni mahali upenu unaposhukia. Waya uko 2700 kwenye uso wa nje wa ukuta, na kila unapotoka nje paa linashuka. Kwa 600 na digrii 20 linashuka 600 × 0.364, yaani 218. Ukingo wa chini wa paa uko basi 2482 kutoka sakafuni. Vichwa vya madirisha viko 2100, kwa hiyo hakuna dirisha linalofunikwa.

Kisha gebo. Mgongo kwa upande wa chini uko 2700 + 3500 × 0.364 = 3974, na kuta zote zimeishia 2700. Kila upande mfupi kuna pembetatu iliyo wazi. Ukuta wangu wa nje ulikuwa kitu kimoja chenye `Height` moja, kwa hiyo sikuweza kupandisha pande mbili na kuziacha mbili. Nilifikiria kupandisha zote hadi 4100 na kuliacha paa lizikate. Kwa macho ingeonekana sawa. Tatizo ni kwamba kuta ndefu nazo zingekatwa kimteremko, wakati tofali za ukuta mrefu zinalazwa bapa na juu yake unakaa ubao wa kupokea kenchi. Hakuna anayechonga kozi ya mwisho ya tofali kwa digrii 20.

Nikagawa ukuta wa nje kuwa kuta nne. Gebo mbili zina urefu kamili wa 7000. Kuta ndefu zinaingia katikati yake, 8700 kila mmoja. Sikuziacha ndefu ziwe 9000, maana kila kona ingehesabiwa mara mbili: 0.15 × 0.15 × 2.70, mara kona nne, ni karibu robo ya mita ya ujazo ya ukuta usiokuwepo.

Gebo nikazipa `Height` 4100. Kisha nikachagua paa kwanza, gebo mwisho, na amri ya kuondoa. Paa likaonekana kwenye orodha ya `Subtractions` ya ukuta, na kila kilichokuwa juu ya uso wa chini wa paa kikatoweka.

Mgawanyo huu ndio uliokula muda kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu milango na madirisha yalikuwa tayari yameshikamana na ukuta wa zamani. Nilipouficha ule wa zamani, madirisha yalibaki yanaelea mbele ya kuta mpya zisizo na matundu. Kwa kila moja ilibidi kubadilisha mwenyeji:

```python
import FreeCAD as App
doc = App.ActiveDocument
d = doc.getObject("Window003")
d.Hosts = [doc.getObject("Wall006")]
doc.recompute()
```

Anayeanza upya achore kuta nne tangu siku ya kwanza kama paa lake lina gebo, na aache madirisha hadi paa likae. Kwa paa la vipaa vinne kuzunguka nyumba, waya mmoja unatosha na haya yote hayamhusu.

23 Machi 2025: Kukagua kwa ujazo

Macho hayatoshi kukagua modeli. Dirisha linaweza kuonekana zuri mbele ya ukuta ambao nyuma yake haujatobolewa, hasa ukiwa umeitazama nyumba kutoka nje. Njia niliyoikuta ya kuaminika ni kuhesabu ujazo wa kila ukuta kwa mkono, kisha kuulinganisha na wa programu:

```python
for o in App.ActiveDocument.Objects:
    if getattr(o, "IfcType", "") == "Wall":
        print(o.Label, round(o.Shape.Volume / 1e9, 3))
```

Programu inafanya kazi kwa milimita, ndiyo maana ya kugawa kwa bilioni moja ili kupata mita za ujazo.

Gebo kwa mkono: sehemu ya mstatili ni 7.00 × 2.70 × 0.15 = 2.835. Pembetatu ni 7.00 × 1.274 ÷ 2 × 0.15 = 0.669. Jumla 3.504. Gebo ya kushoto ilisoma hivyo hivyo. Ya kulia ilisoma 4.305, ambayo ni 7.00 × 4.10 × 0.15, ukuta mzima bila kukatwa. Kwa macho sikuwa nimeliona hilo. Kumbe kwa upande huo nilichagua ukuta kwanza na paa mwisho, na amri haikufanya nilichotaka. Nikairudia kwa mpangilio sahihi.

Ukuta wa mbele: 8.70 × 2.70 × 0.15 ni 3.52. Una madirisha mawili makubwa na mlango wa 1000 kwa 2100. Matundu yote ni mita za mraba 5.70, yaani 0.855 ya ujazo, kwa hiyo ukuta ubaki na 2.67 hivi. Programu ilisema 2.94. Zimezidi 0.27, na 0.27 ni 1.50 × 1.20 × 0.15: dirisha moja, hakuna zaidi. Tofauti inapolingana na kitu kimoja kamili, huna haja ya kutafuta kwingine. Dirisha la chumba cha kwanza lilikuwa bado linamtambua ukuta wa zamani kama mwenyeji wake. Nikalibadilisha, ukuta ukasoma inavyotakiwa. Ukuta wa zamani nikaufuta baada ya hapo, si kabla.

29 Machi 2025: Kutoa faili la IFC, na jaribio la digrii 25

Faili la IFC, aina ya faili la jengo linalosomwa na programu mbalimbali, limetoka na limefunguka kwenye kionyeshi kingine. Kuta zimetambulika kama kuta, madirisha kama madirisha, matundu yapo. Paa lilikuwa nje ya ngazi ya jengo kwenye mti wa modeli, nikaliburuta ndani yake na kutoa faili upya.

Jambo moja lazima liandikwe kwa atakayetumia modeli hii kuhesabu tofali. Sifa ya `Height` ya gebo bado inasema 4100, ingawa umbo limekatwa. Atakayezidisha urefu kwa kimo kutoka kwenye jedwali la sifa atapata 4.305 kwa kila gebo badala ya 3.504, na kwa gebo mbili atanunua tofali za mita za ujazo 1.6 zisizohitajika. Ujazo wa umbo ndio wa kutumia. Ningeweza kuondoa mtego huo kwa kuifanya pembetatu kuwa ukuta wa pekee juu ya mstatili wa 2700. Sikufanya hivyo kwa sababu gebo inayokatwa na paa inafuata paa likibadilika, na fundi alishauliza kama mteremko unaweza kuwa digrii 25.

Nilijaribu. Pande ndefu 25, kila kitu kikajipanga chenyewe, isipokuwa kilele cha gebo: kilikuwa bapa, na juu yake uwazi hadi mgongoni. Kwa digrii 25 mgongo unapanda hadi 2700 + 3500 × 0.466, karibu 4332, na ukuta wangu unaishia 4100. Paa linaweza kukata ukuta, haliwezi kuurefusha. Nimeweka `Height` ya gebo kuwa 5000, ambayo inatosha hadi digrii 33, na onyo la `Height` hapo juu linazidi kuwa muhimu, maana sasa jedwali la sifa linasema 5000. Upenu nao unashuka zaidi kwa digrii 25, hadi karibu 2420, bado juu ya madirisha.

Fundi amebaki na 20. Faili la mwisho ni la digrii 20, gebo zimesoma 3.504 zote mbili. Kati ya paa na uso wa ndani wa kuta ndefu kuna uwazi wa kabari wenye milimita 55 kwa upande wa ndani, na nimeuacha kwa makusudi: ndipo unapokaa ubao wa kupokea kenchi, ambao modeli hii haina.